Matabaka ya mashamba hayakatwi kwa kuhesabu vichwa

Wiki hii nimeletewa tena orodha ya wakulima wa Muheza iliyopangwa kuanzia shamba dogo hadi kubwa, kisha ikakatwa mafungu matatu yenye idadi sawa, yawe matabaka ya kuchagulia sampuli ya mashamba. "Mtaalamu, si kila tabaka limepata haki yake?" Hapana, ndugu yangu. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, sasa naliandika.

Tuchukue orodha ya mfano yenye mashamba 883, kwa madaraja ya ekari mbilimbili kutoka 0 hadi 20. Marudio yake, yaani idadi ya mashamba katika kila daraja, ni 400, 225, 100, 64, 36, 25, 16, 9, 4 na 4. Ukikata kwa idadi sawa, tabaka la juu linaanzia chini kidogo ya ekari 4 na kuishia 20. Mwenye ekari 4 za michungwa anawekwa chungu kimoja na mwenye ekari 18, na huko ndiko makosa ya makadirio yanakotoka. Matabaka mawili ya chini, ambamo mashamba karibu yanalingana, yamekatwa bure.

Kanuni ya wanatakwimu Dalenius na Hodges ya mwaka 1959 ya kutafuta mipaka ya matabaka inafanya hivi. Tafuta kipeuo cha pili cha kila marudio: 20, 15, 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 2. Limbikiza: 20, 35, 45, 53, 59, 64, 68, 71, 73, 75. Unataka matabaka matatu, basi gawa 75 kwa 3, upate alama za 25 na 50. Limbikizo lililo karibu na 25 ni 20, kwa hiyo mpaka wa kwanza ni ekari 2. Lililo karibu na 50 ni 53, mpaka wa pili ni ekari 8. Matabaka yanakuwa na mashamba 400, 389 na 94.

Umeona 20 ilivyo mbali na 25? Daraja la kwanza limemeza watu wengi mno. Mimi hukata madaraja ya nusu ekari kabla ya kugusa kikokotoo, na nakusihi ufanye vivyo hivyo.

Wengine husema upana wa madaraja haujalishi. Unajalisha. Ukiunganisha ekari 10 hadi 20 kuwa daraja moja lenye mashamba 58, kipeuo chake ni 7.6 tu, ilhali madaraja yale matano yalikuwa na 16. Zidisha kwanza marudio kwa upana, hapa mara 5, ndipo utafute kipeuo: utapata 17.

Na wapo wanaodhani kanuni itayabeba hata mashamba makubwa ya mkonge. Haitayabeba. Shamba la mamia ya hekta litoe kwenye orodha kabla ya kulimbikiza, uliweke katika tabaka lake, na lihesabiwe lote bila kuchaguliwa kwa nasibu.