Inveta ya pampu Kigoma: usipige hesabu ya kyubu peke yake

Watu wanatuletea makaratasi ya kuuziwa inveta, kile kifaa cha kupunguza spidi ya mota, yameandikwa ukipunguza spidi ya pampu mpaka 60% umeme unabaki 22% tu, maana 0.6 × 0.6 × 0.6 ni 0.216. Hesabu yenyewe iko sawa, ila ni ya pampu inayopigana na msuguano wa bomba peke yake, na hapa Kigoma maji tunayatoa ziwani tunayapandisha mlimani.

Chukua mfano huu tulioupanga wenyewe. Pampu inatoa kyubiki mita 200 kwa saa kwa hedi, yaani kimo inachoweza kusukuma maji, ya mita 60, katika hizo mita 45 ni mwinuko mtupu kutoka ziwani hadi tenki na 15 ndo msuguano. Valvu ikifungwa kabisa inasukuma hadi mita 75.6. Sasa ishushe spidi iwe 60%, hedi inashuka kwa skwea, 75.6 × 0.36 ni mita 27, mlima ni 45, kwa hiyo hata tone halifiki juu, pampu inakoroga maji yaleyale mpaka inachemka! Ukishika ganda lake unasikia moto na mita ya maji imesimama. Ili upate 60% ya maji inabidi spidi iwe kama 86%.

Kisha mwaka mzima. Tuseme saa 1,000 maji kamili, saa 3,000 kwa 80%, saa 2,000 kwa 60%. Ukibana kwa valvu mota inakula takriban kW 47, 42 na 37, jumla kWh 247,000. Ukiweka inveta, ukihesabu na ufanisi unaoshuka, ni kama kW 48.5, 36 na 27, jumla kWh 210,500. Ona hapo mwanzo imepanda, kwa sababu inveta nayo inakula chake. Umeokoa 36,500, yaani 15%, wakati hesabu ya kyubu ingekuahidi kama 108,000, karibu mara tatu.

Na kama pampu yako haibanwi, inajaza tenki halafu inazimwa? Maji yaleyale kyubiki mita 920,000 inayamaliza kwa saa 4,600 na kutumia kama kWh 216,000, faida ya inveta inabaki chini ya 3%, hapo mimi ningeshauri hela iende kwenye impela iliyolika kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, funga geji ya presha upande wa kutolea, izime pampu bomba likiwa limejaa, soma geji iliyo baada ya cheki valvu. Kila baa 1 ni kama mita 10 za mwinuko. Halafu soma tena pampu ikiwa inafanya kazi. Zikikaribiana, mlima ndo unakula umeme wako, na mlima haupungui kwa spidi.