"To Qualify" na "1X2" ni soko mbili tofauti, usizichanganye

Kwenye kubeti kuna mkanganyiko unarudi kila hatua ya mtoano ikifika, mtu kaweka timu yake ishinde, timu imeshinda kwa matuta, anafungua mkeka anakuta umechanika. Anaanza kulalamika kaibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila alibonyeza soko la dakika 90 akidhani amebonyeza la kufuzu.

Soko la 1X2 (kwingine limeandikwa "Full Time Result") linaangalia matokeo ya dakika 90 pamoja na zile za majeruhi anazoongeza refa, basi. Zile dakika 30 za ziada hazimo, na matuta hayamo. "To Qualify" lenyewe linauliza kitu kimoja tu, nani anasonga mbele, kwa njia yoyote ile. Kwenye fainali hakuna pa kusonga kwahiyo soko hilo linaitwa "To Lift The Trophy", maana yake nani anabeba kombe.

Chukua fainali ya Kombe la Dunia pale Lusail, tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa. Argentina walikuwa mbele 2-0 kwa Messi na Di María, halafu Mbappé akafunga dakika ya 80 na ya 81, dakika 90 zikaisha 2-2. Hapo ndipo 1X2 ilipofungwa: X, sare. Kilichofuata hakiihusu tena, Messi akafunga ya 108, Mbappé akasawazisha kwa penati ya 118, ikawa 3-3, matuta Argentina wakashinda 4-2.

Sasa tuseme watu wawili wameweka 10,000 kila mmoja (hizi odds ni za mfano tu). Wa kwanza kachukua Argentina kwenye 1X2 kwa 2.60, wa pili kachukua Argentina abebe kombe kwa 1.80. Wa kwanza kapoteza yote ingawa Argentina ndio bingwa, wa pili kapokea 18,000. Na ukiangalia vizuri utaona kwanini odds ya pili ni ndogo, kwasababu ule uwezekano wa sare ambao kwenye 1X2 unakumaliza, kule unakupa nafasi nyingine ya kupona kwenye dakika za ziada au matuta, na hiyo nafasi unailipia. Kwahiyo ukiona timu ina odds kubwa kuliko ulivyotegemea kwenye mechi ya mtoano, angalia kwanza upo soko gani.

Na sio mshindi tu, hapa ndipo wengi wanaumia. Magoli, "GG" yaani timu zote mbili kufunga, "Correct Score", wafungaji, kwa kawaida vyote ni vya dakika 90 isipokuwa kama soko limeandikwa vingine. Fainali ile ilikuwa na magoli sita lakini kwa hesabu ya mkeka ni manne, over 4.5 imechanika, na "Correct Score" ni 2-2 sio 3-3. Hat-trick ya Mbappé tuliiona wote, ila kwa dakika 90 ana mawili. Na yale masoko yanayofunguliwa wakati dakika za ziada zinaanza yanahesabu upya kutoka 0-0, kwahiyo matokeo ya kipindi kile peke yake ni 1-1. Matuta hayaingii kwenye idadi ya magoli, ila penati inayopigwa ndani ya mchezo ni goli kama lingine.

Dakika za majeruhi zisikuchanganye, hizo zimo ndani ya 90. Robo fainali ya mashindano yaleyale, Weghorst wa Uholanzi alisawazisha dakika ya 90+11 dhidi ya Argentina ikawa 2-2, goli lile limehesabika kabisa na aliyeweka Argentina ashinde kwenye 1X2 alichanika palepale, kabla hata ya dakika za ziada kuanza.

Mechi za nyumbani na ugenini ndio zinahitaji utulivu zaidi. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2023, Simba waliwafunga Wydad 1-0 Dar tarehe 22 Aprili. Aliyeweka Simba kwenye 1X2 kalipwa siku hiyohiyo. Aliyeweka Simba wafuzu alibaki na mkeka wazi mpaka tarehe 28 kule Casablanca, Wydad wakashinda 1-0, jumla 1-1, wakaenda moja kwa moja kwenye matuta bila dakika za ziada, Wydad wakapita 4-3. Wa kufuzu kapoteza. Angalia pia huo mchezo wa Casablanca: dakika 90 zenyewe Wydad walishinda, kwahiyo 1X2 yake ni ushindi wa nyumbani na sio sare, hata kama mechi iliamuliwa kwa matuta.