Unadai "hasara ya biashara" kwa sapulaya aliyekuangusha? Mauzo sio hasara

Miezi hii dawati letu la usuluhishi linapokea barua nyingi sana za namna moja: sapulaya kachelewesha mzigo au kaleta kitu kibovu, biashara ikasimama siku kadhaa, na mwenye biashara anadai "fidia ya hasara shilingi milioni sita" bila mstari hata mmoja unaoeleza hiyo sita imetoka wapi. Tukimuuliza anasema "si ndio mauzo yangu ya siku kumi". Jamani. Nimeombwa niandike jinsi ya kupiga hesabu hii na kuieleza, na naandika kwa upande wa Tanzania. Kabla ya yote niseme kwamba haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya wakili wako, na ofisi haijafungwa nayo kwenye shauri lolote.

Kwanza sheria, kwa kifupi maana wengi mnaijua. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema aliyevunja mkataba analipa hasara ambayo kwa kawaida ingetokana na kuvunja huko, au ile ambayo nyie wawili mlijua tangu mnaingia mkataba kwamba inaweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Wazo hili asili yake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, mwenye kinu cha kusaga kule Gloucester alivunjikiwa shafti, msafirishaji akachelewa kuipeleka kwa watengenezaji, kinu kikasimama, na mahakama ikasema msafirishaji halipi faida iliyopotea kwa sababu hakujua kwamba bila shafti ile kinu hakisagi. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mdai sio umepoteza kiasi gani, namuuliza sapulaya alijuaje kwamba utasimama.

Nichukue shauri moja lililopita kwetu, wahusika siwataji. Mama mmoja ana bekari ya mikate Morogoro, oveni moja ya gesi. Bana ya oveni ikaanza kufa, akaagiza mpya pamoja na kufungiwa, kwa makubaliano fundi aje Jumapili usiku. Kwenye oda yake ya wasapu aliandika hivi: "naomba isipite Jumapili, bekari ina oveni moja tu, bila hiyo hatuoki." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kurasa tatu za malalamiko alizoandika baadaye. Bana haikuja Jumapili, ikaja Jumatano ya wiki iliyofuata usiku, siku kumi za kuoka zikapotea, Jumatatu mpaka Jumatano ya pili.

Yeye kwa siku anauza mikate 400 kwa 1,500, yaani 600,000, kazidisha kwa kumi akapata 6,000,000. Hesabu ya kuzidisha iko sawa, ila anachodai sicho alichopoteza.

Tulianza na mauzo yenyewe. Tukamwomba ripoti za Z za mashine ya EFD za wiki nane kabla ya bana kufa, pamoja na taarifa ya Lipa Namba na daftari lake la oda za maduka, tukaziweka siku kwa siku, Jumatatu na Jumatatu zenzake. Ikaonekana Jumapili anauza mikate 200 tu, na kwenye zile siku kumi kuna Jumapili moja. Kwa hiyo mikate iliyopotea ni 400 mara siku tisa, ongeza 200, jumla 3,800. Kwa nini wiki nane na sio wiki moja nzuri? Kwa sababu upande wa pili nao wataomba ripoti, na wakikuta umechagua wiki ya sikukuu wanaacha kuamini hata yale ya kweli. Kama biashara yako ina msimu, mfano Ramadhani au shule kufungwa, linganisha na msimu kama huo wa mwaka jana na useme wazi umefanya hivyo.

Halafu toa gharama ambazo hukuzitumia kwa sababu hukuoka. Hapa ndipo watu wanakasirika, sijui kwa nini, maana unga ambao haukukanda bado uko stoo. Kwa mkate mmoja wa mama huyu unga ni 600, mafuta na sukari na hamira na chumvi 150, mfuko 50, gesi 80, boda ya kusambaza 50. Jumla 930. Inabaki 570 kwa mkate, na hiyo ndiyo anayoipoteza kila mkate usipotoka. Mikate 3,800 mara 570 ni 2,166,000. Alikuwa pia na vibarua wawili wa 10,000 kwa siku ambao hakuwaita, hao ni 200,000 aliyookoa, tunabaki na 1,966,000.

Sasa kodi ya fremu na mshahara wa muokaji aliyeajiriwa? Hizo alizilipa bekari ikiwa imefungwa, kwa hiyo hatukuzitoa. Lakini pia huziongezi! Hili kosa naliona kila wiki, mtu anadai faida iliyopotea halafu chini yake anaandika "kodi ya fremu 150,000, mishahara 300,000". Ile 570 ndiyo ambayo siku zote inalipa fremu na mishahara kabla hujabaki na chako, ukiidai yote na bado ukaongeza fremu unataka kulipwa mara mbili, na wakili wa upande wa pili ataliona hilo akiwa anakunywa chai.

Hatua inayofuata ni juhudi zako mwenyewe. Kifungu hichohicho cha 73 kinataka kwenye kukadiria hasara iangaliwe njia uliyokuwa nayo ya kujinusuru, yaani huwezi kukaa barazani siku kumi ukihesabu. Huyu mama kuanzia Ijumaa alikodi oveni ya jirani usiku, akaoka mikate 150 kwa siku sita, jumla 900. Hiyo ilimwingizia 513,000 kwa ile 570, tunaitoa kwenye dai. Ila oveni alilipia 30,000 kwa usiku, na usafiri wa ziada 10,000, siku sita ni 240,000, na hiyo tunaiongeza kwenye dai maana ni gharama iliyoletwa na sapulaya. 1,966,000 toa 513,000 ongeza 240,000, inakuwa 1,693,000.

Watu huwa wanaficha juhudi za namna hii wakidhani zinapunguza dai. Zinapunguza kweli, ila ukificha na risiti ya kukodi oveni ikatokea, dai zima linanuka.

Na kama kitu ulichokosa kipo sokoni, usije kabisa na hesabu ya mauzo yaliyopotea. Angekuwa kakosa unga, angeenda duka la pili kununua, na dai lake lingekuwa tofauti ya bei pamoja na nauli basi. Bana ya oveni ile haikuwepo Morogoro, na alituonyesha meseji za maduka matatu aliyouliza.

Mwisho wa hesabu ni mkia, maana biashara ikifunguliwa wateja hawarudi wote asubuhi ileile. Maduka matatu yaliyokuwa yanachukua mikate 20 kila moja yalishahamia kwa muokaji mwingine na yakarudi baada ya wiki moja. Daftari la oda linaonyesha. Mikate 60 mara siku saba ni 420, mara 570 ni 239,400. Jumla kuu 1,932,400. Alitaka pia aweke "wateja niliopoteza milele" lakini hakuwa na jina la duka hata moja, tukamshauri aache.

Kuhusu ushahidi nirudie, maana ndio kazi yangu ya kila siku. Hasara yenye takwimu mahakama inaiita fidia mahsusi, na Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe kwamba lazima itajwe bayana kwenye madai na ithibitishwe kikamilifu. "Kama milioni mbili hivi" haipiti. Meseji za wasapu zinapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu, ila usilete skrinshoti zilizokatwakatwa, tunza simu yenyewe na mazungumzo yote pamoja na yale yanayokuaibisha. Na kingine ambacho hamtaki kusikia: mauzo unayodai yawe ndiyo uliyoripoti TRA. Ukisema unauza 600,000 kwa siku na ripoti za Z zinasema 180,000, umepoteza dai na umejitengenezea shauri lingine. Ukitengeneza risiti za baadaye, hilo ni kosa la jinai, hatulisuluhishi sisi.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja na jedwali nyuma. Taja oda na tarehe yake, kilichoahidiwa, kilichotokea, siku zilizopotea, hesabu kama nilivyoipanga hapo juu, viambatisho kwa namba, na siku za kujibu. Watu wengi wanaweka siku 14, sio kwamba kuna kifungu kinachosema 14, ni desturi tu, weka muda unaoeleweka. Ipeleke kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na mpokeaji, jina lake na tarehe, akikataa kusaini ipeleke kwa rejesta ya posta na utunze stakabadhi. Soma pia mkataba au nyuma ya invoisi, kama mlikubaliana kiasi cha fidia ya kuchelewa, kifungu cha 74 kinakifanya kiasi hicho kuwa kikomo. Dai la mkataba lina miaka sita, ila ukisubiri ripoti za Z zinafifia, ile karatasi yake mnaijua.

Sapulaya wa bana hakubishana na ile 570. Alibishana na siku nne za mwanzo, akasema mama angekodi oveni Jumatatu ileile. Tukafungua simu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi fundi kaandika "kesho asubuhi niko hapo", Jumatano usiku ndio akakiri kwamba bana haipo, inatoka Dar wiki ijayo. Mtu anayeahidiwa kesho hawezi kulaumiwa kwa kusubiri kesho. Ikabaki Alhamisi peke yake, siku ambayo mama alishajua na alikuwa bado anatafuta oveni. Siku moja kwake ni 228,000 toa vibarua 20,000, yaani 208,000, wakagawana nusu kwa nusu. Akalipwa 1,828,400 kwa awamu mbili, na ya pili ilichelewa siku tatu.