Shida si masikio: dhana potofu kuhusu wanaokerwa na mlio wa kutafuna

Mpwa wangu ana miaka 13. Jioni baba yake akinyanyua kikombe cha chai ya moto na kuivuta kwa ule mlio wa "sruuu", binti anakaza taya, anainamia sahani, halafu anaondoka mezani na kipande cha chapati mkononi. Dada yangu anasema huyu mtoto ana dharau. Bibi yake anasema ana masikio makali. Shemeji mwenyewe anaamini atazoea tu.

Nianze na la bibi, maana ndilo linaloaminiwa na wengi. Wapo kweli watu wanaoumizwa na sauti kubwa, kama honi au sufuria ikianguka sakafuni. Hiyo ni hali nyingine. Mpwa wangu analala fofofo huku mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma. Kinachomtoa mezani ni kamlio kadogo: mtu anayetafuna, anayemeza, anayepumua kwa pua iliyoziba, au anayebofyabofya peni. Hali hii inaitwa misofonia, jina lililotolewa mwaka 2001 na Margaret na Pawel Jastreboff wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, na mtu anaweza kuwa nayo huku vipimo vya masikio vikionyesha anasikia kama kawaida.

Basi shida iko wapi? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwasikilizisha watu sauti za aina tatu: za kawaida kama mvua, za kuudhi kama mtoto anayelia, na za mtu anayekula au kupumua. Kilio cha mtoto kiliwaudhi wote, wenye misofonia na wasio nayo. Zilipofika sauti za kula, wenye misofonia peke yao mioyo iliwaenda mbio na ngozi ikatoa jasho, na sehemu ya ubongo iitwayo insula, ambayo huupa ubongo taarifa kwamba jambo fulani si la kupuuza, ikachangamka kupita kiasi.

Miaka minne baadaye timu hiyohiyo ikakuta jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Kwa watu hawa, eneo la ubongo linalopokea sauti limeungana kwa nguvu isiyo ya kawaida na eneo linaloendesha midomo, taya na koo. Wakisikia mtu anatafuna, eneo la mdomo wao wenyewe linaamka. Watafiti wanaeleza kwamba huenda mtu anahisi kana kwamba mwenzake ameingia mwilini mwake bila kupiga hodi, na hasira inatokea hapo. Ndiyo maana wengi hukerwa hata kwa kuliona tu taya la mwenzao likipanda na kushuka.

Na hapo tunafika kwenye dharau. Kuna jioni mpwa wangu alimwigiza baba yake, "sruuu", papo hapo, na meza nzima ikachafuka. Ilionekana ni dhihaka. Kumbe wenye misofonia wengi huuiga mlio unaowakera, kwa sababu wakiuiga wanapata nafuu kidogo: ule mwendo wa mdomo sasa ni wao wenyewe wanaouamua. Hasira yenyewe hufika kabla mtu hajafikiri lolote, na baadaye wengi huona aibu. Kwamba inamlenga baba zaidi kuliko abiria anayetafuna jojo kwenye daladala nako si chuki. Hali hii huanza mara nyingi mtoto anapokaribia kubalehe, na wanaokula naye kila siku ni wa nyumbani.

Kuhusu kuzoea, nasema bila kumung'unya: kumkalisha kwa nguvu mbele ya mlio hakumzoeshi. Anajifunza kuusubiri tu. Ila kuziba masikio kutwa nzima nako kuna hasara, maana kimya kikizidi, vimlio vidogo vinajitokeza zaidi. Dawa ya vidonge iliyothibitishwa haipo. Kilichojaribiwa vizuri ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuhamisha usikivu wake na kulegeza mwili. Katika jaribio la Amsterdam lililochapishwa mwaka 2021, zaidi ya theluthi moja ya waliopewa tiba hiyo walipata nafuu ya wazi, na kati ya waliokuwa bado wanasubiri zamu hakuna aliyeipata.

Nyumbani kwa dada tulianza na vitu vidogo. Redio inafunguliwa kwa sauti ya chini wakati wa chai. Binti amehama kiti, sasa anakaa upande mmoja na baba yake ili asiuone mdomo wake. Na baba akianza kunywa, naye anatia chapati mdomoni na kutafuna. Wiki iliyopita alikaa mpaka kikombe cha pili. Cha tatu kilimshinda, akaaga vizuri na kwenda kuosha vyombo.