Upakaji rangi wa grafu: rangi zikilingana, grafu si lazima zilingane

Grafu ni nukta zilizounganishwa kwa mistari, na kuna mbinu ya kuzipaka rangi nukta hizo ili kuona kama grafu mbili ni tofauti. Chora ramani ndogo ya barabara za Nyanda za Juu Kusini yenye nukta saba na mistari sita tu: Iringa–Mafinga, Mafinga–Makambako, Makambako–Njombe, Makambako–Uyole, Uyole–Mbeya na Uyole–Tukuyu. Majina ni ya kutusaidia sisi kuelewana. Mbinu yenyewe haiyaoni. Mwanzoni nukta zote zina rangi moja. Kila raundi, kila nukta hutazama rangi yake na rangi za majirani zake, ikihesabu pia kila rangi imejitokeza mara ngapi. Nukta zilizoona mambo tofauti hupewa rangi tofauti.

Raundi ya kwanza hutenganisha kwa idadi ya majirani. Mafinga inao wawili, Makambako na Uyole watatu kila moja, na nne zilizobaki zina mmoja mmoja. Raundi ya pili Makambako inaachana na Uyole, maana moja inapakana na Mafinga na nyingine haipakani nayo. Iringa nayo inajitenga. Raundi ya tatu Njombe inatoka, kwa kuwa jirani yake sasa ana rangi ya peke yake. Mbeya na Tukuyu zinabaki na rangi moja, na hakuna raundi itakayozitenganisha.

Dhana: nukta mbili zikibaki na rangi moja, mbinu imeshindwa.
Hapa haijashindwa. Badilishana nafasi za Mbeya na Tukuyu: mistari inabaki ile ile. Katika grafu isiyo na mzunguko, kama hii, nukta zenye rangi moja mwishoni kweli hubadilishana nafasi bila kuvuruga kitu. Matatizo huanza penye mizunguko.

Dhana: ikikwama, ongeza raundi.
Raundi ikipita bila rangi mpya kuzaliwa, kazi imekwisha. Makundi ni yale yale, kwa hiyo swali la raundi ijayo ni lile lile na jibu ni lile lile. Grafu ya nukta n haiwezi kuhitaji zaidi ya raundi n−1 kufika hapo.

Dhana: idadi za rangi zikilingana, grafu ni zile zile.
Zikitofautiana, una uhakika kwamba grafu ni tofauti, mradi rangi za grafu zote mbili zilitolewa kwenye orodha moja. Anayempa kila grafu orodha yake mwenyewe analinganisha namba zisizo na maana. Lakini zikilingana, huna uthibitisho. Mzunguko mmoja wa nukta sita na pembetatu mbili zilizotengana: kila nukta ina majirani wawili, hivyo rangi haigawanyiki hata mara moja.

Dhana: mbinu hukwama tu pale nukta zote zina idadi sawa ya majirani.
Hii ndiyo inayopoteza watu wengi, kwa sababu mfano wa pembetatu ndio unaofundishwa kila mahali. Wakemia wanao mfano mzuri zaidi: molekuli za dekalini na bisaiklopentili, zote C10H18. Chukua kaboni peke yake: kila kaboni ni nukta, na kaboni mbili zilizoungana zina mstari kati yake. Dekalini ni mizunguko miwili ya kaboni sita inayochangia mstari mmoja. Bisaiklopentili ni mizunguko miwili ya kaboni tano iliyounganishwa kwa mstari mmoja. Kila moja ina nukta 10 na mistari 11.

Paka rangi. Katika zote mbili, nukta mbili zina majirani watatu, ziite nyekundu. Nukta nne zinapakana na nyekundu, ziite kijani. Nne zilizobaki ni bluu. Nyekundu inaona nyekundu moja na kijani mbili, kijani inaona nyekundu na bluu, bluu inaona kijani na bluu. Maelezo haya ni sahihi kwa grafu zote mbili, neno kwa neno. Mbili, nne, nne, na mbinu imesimama. Lakini futa mstari unaounganisha nyekundu mbili: dekalini inageuka mzunguko mmoja wa nukta 10, bisaiklopentili inakatika vipande viwili. Nukta inayoona majirani tu haijui kama ukizunguka utarudi ulikotoka.

Dhana: basi hakuna dawa.
Ipo. Ipe nyekundu moja rangi ya peke yake kisha endelea. Kwenye bisaiklopentili, bluu za upande wake zinapakana zenyewe kwa zenyewe. Kwenye dekalini kila moja inapakana na bluu ya upande wa pili. Rangi zinaachana. Kwa grafu za jumla, ukichagua nukta moja katika grafu moja, lazima ujaribu kila nukta yenye rangi hiyo katika grafu ya pili, na hapo kazi inaongezeka.

Wengine hupaka rangi jozi za nukta, au tatu tatu, badala ya nukta moja moja. Inasaidia sana, ila mwaka 1992 watafiti Cai, Fürer na Immerman walionyesha kwamba kwa ukubwa wowote wa kundi utakaouchagua na kuushikilia, zipo grafu mbili tofauti ambazo bado zitatoka na rangi sawa.