Je, wajua? Picha kumi za mkupuo mmoja ni kama picha moja

"Simu imepiga picha 15 mfululizo za familia nzima harusini, na karibu kila moja ina mtu kafumba macho. Imewezekanaje, na sasa nichague ipi?"

Picha 15 za mkupuo mmoja, yaani zinazofuatana kwa kubonyeza mara moja, kwa kasi ya picha 10 kwa sekunde zinamalizika ndani ya sekunde moja na nusu. Mtu mmoja akipepesa macho, kope zake zinachukua takriban robo sekunde kushuka na kupanda tena, kwa hiyo anaharibu picha mbili au tatu zinazofuatana. Kabla hajamaliza, mwingine wa safu ya nyuma kaanza.

Wengi tumeishi na imani kwamba dawa ya macho yaliyofumba ni kasi: simu ikipiga picha 30 kwa sekunde, lazima moja itoke safi. Sivyo. Fikiria umesimama dukani unataka kupiga picha nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, na daladala inapita mbele yako. Ukipiga picha kumi wakati daladala ile iko katikati, utaondoka na picha kumi za daladala. Hujaiona nyumba mara kumi, umeiona daladala moja mara kumi. Ukisubiri ipite kisha ukapiga moja tu, umepata nafasi mpya kabisa, na hiyo moja ina thamani kuliko zile kumi. Kila mtu kwenye picha ya pamoja ni barabara yenye daladala yake. Ukiwa na watu 14, unahitaji sekunde ambayo barabara zote 14 ziko wazi kwa pamoja, na kuongeza kasi ya kamera hakuleti sekunde hiyo karibu. Kinachoileta ni kusubiri kidogo kati ya picha na picha.

Jambo hili limewahi kupigiwa hesabu, tena hesabu iliyopewa tuzo. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes, wa shirika la utafiti la Australia liitwalo CSIRO, walipata Ig Nobel ya hisabati, tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu ukakufikirisha. Walitaka kujua upige picha ngapi ili uwe karibu na hakika kwamba katika mojawapo hakuna aliyefumba. Uwezekano wa picha moja kutoka safi waliuandika hivi:

```
(1 - x*t)^n
```

Hapo `x` ni idadi ya mipepeso ya mtu mmoja kwa sekunde, `t` ni muda ambao mpepeso mmoja unaweza kuiharibu picha, na `n` ni idadi ya watu. Mtu anayepozi hupepesa kama mara 10 kwa dakika, yaani moja ya sita kwa sekunde. Mpepeso ni robo sekunde, na kwenye mwanga mzuri shata, kilango cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, inaongeza kama sehemu nane kwa elfu za sekunde tu. Zidisha `x` kwa `t`, unapata 0.043. Kwa watu 14, uwezekano wa picha moja kuwa safi unakuwa kama 0.54, karibu sawa na kurusha shilingi. Lakini ukipiga picha tano zilizoachana, uwezekano wa kupata angalau moja safi unafika kama 98 kwa 100.

Kutokana na hesabu hiyo walitoa kanuni ya kukumbuka kichwani: kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, na kwa mbili kama mwanga ni hafifu, kwa sababu shata inakaa wazi muda mrefu zaidi. Watu 14 kivulini mchana, picha tano. Ukumbini usiku, saba. Zaidi ya 20 kanuni inavunjika. Kwa watu 50 hesabu ileile inadai picha kama 39 ili uwe na hakika ya 99 kwa 100, na hakuna wazee watakaosimama wakusubiri umalize 39.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtu anapepesa kwa wakati wake, bila kufuata wenzake. Harusini mambo hayaendi hivyo. Mpiga picha akisema "moja, mbili, tatu", watu hukodoa macho wakingoja, halafu wanapepesa karibu pamoja mara tu baada ya "tatu", palepale kidole kinapobonyeza. Flashi nayo ina ujanja wake. Kamera nyingi hutoa mmweko mdogo wa kupima mwanga kabla ya ule mkubwa, na wale wepesi wa kushtuka wanakuwa tayari wamefumba mmweko wa pili ukifika. Watu wakiangaliana na jua hupepesa na kukunja macho zaidi, ndiyo maana wapiga picha wazoefu huhamishia familia kwenye kivuli cha mwembe hata kama ukuta wenye maua uko juani.

Mkupuo basi una kazi gani? Kazi yake ni nyuso. Tabasamu na mkao vinabadilika ndani ya nusu sekunde, na hapo picha nne zinazofuatana zinakupa cha kuchagua. Kwa macho unahitaji nafasi, kwa nyuso unahitaji mfululizo, kwa hiyo piga mikupuo mitatu ya picha nne nne, ukiacha sekunde mbili au tatu kati ya mkupuo na mkupuo.

Sasa kuchagua. Kosa la kwanza ni kutafuta picha nzuri. Tafuta mbaya, uzitoe. Vuta karibu uso wa kwanza kushoto, kisha, bila kubadilisha ukubwa, ruka picha hadi picha ukimwangalia mtu huyo mmoja tu. Programu nyingi za kompyuta zitakuacha palepale usoni. Ukimaliza naye, nenda kwa wa pili. Ukiangalia picha nzima kwa mara moja jicho lako litakwenda kwa bibi harusi kila mara, na yule mjomba wa nyuma utamgundua baada ya picha kuchapishwa.

Shida si aliyefumba kabisa, huyo anaonekana. Shida ni macho nusu. Kope hushuka haraka kuliko zinavyopanda, kwa hiyo macho ya usingizi utakayokutana nayo mengi yanakuwa ya mtu anayefumbua. Na macho nusu yanafanana sana na macho ya mtu anayecheka kwa dhati. Tofauti iko kwenye kope ipi imesogea. Anayecheka, shavu linapanda na kuisukuma kope ya chini juu, na mikunjo midogo inajitokeza pembeni mwa jicho. Anayepepesa, kope ya juu inashuka na kufunika mboni, huku ya chini imetulia na shavu limelala. Angalia pia kile kinukta cheupe cha mwanga ndani ya jicho. Kikiwepo, mara nyingi jicho liko hai hata kama limebana. Kisipokuwepo kwa mtu ambaye picha jirani zinamwonyesha nacho, kope imekifunika.

Na usimlinganishe mtu na jirani yake, mlinganishe na yeye mwenyewe. Wapo wenye kope nzito kwa asili, na wazee ambao ngozi ya juu ya jicho imelegea. Mwaka 2009 kulikuwa na kamera ya dijitali iliyouliza `Did someone blink?` kila ilipowapiga baadhi ya watu wenye asili ya Asia, na macho yao yalikuwa wazi kabisa.

Chukua mfano wa familia ya watu 14, safu mbili, picha 12 za mikupuo mitatu, kamera juu ya stendi. Mkupuo wa kwanza umeanza hesabu ilipoisha. Picha ya 1 hadi ya 3 zina shangazi anayefumba, aliyefumba, anayefumbua. Ya 4 ina macho yote, lakini watu wamebana pumzi: mabega ya bwana harusi yamepanda, midomo imebanwa. Mkupuo wa pili mtu katania. Ya 5 na ya 6 bibi harusi kageuka kucheka, nusu ya uso imepotea. Ya 7 macho yote yapo isipokuwa ya babu, ila ukirudi picha ya 4 utaona ni yaleyale, ndivyo alivyo. Mtoto wa mbele anatazama pembeni. Ya 8 bibi harusi yuko katikati ya neno, mdomo umepinda. Mkupuo wa tatu, ya 9 ni nzuri isipokuwa kijana mmoja wa nyuma amefumba, na ya 10 bado anafumbua. Ya 11 macho yote safi, lakini yuleyule kijana mrefu kaegemea na kuziba jicho la dada yake. Ya 12 watu wameanza kutawanyika.

Zimebaki 4, 7, 9 na 11. Ya 11 inatoka kwanza, maana uso uliozibwa haurekebishiki. Ya 4 inatoka kwa ajili ya mkao: mabega yaliyokakamaa yanaonekana hata kwenye picha ndogo. Kati ya 7 na 9, ya 7 ina kasoro moja, mtoto anayetazama pembeni, na hiyo ni kasoro ambayo familia husamehe. Babu hatabasamu, lakini hiyo si kasoro kabisa. Wazee wengi hupozi kwa heshima, na picha inayomlazimisha meno haitamfanana.

Ya 9 ingeshinda tu kama utakuwa tayari kuediti, uchukue macho ya kijana yule kutoka picha ya mkupuo uleule akiwa amekaa vilevile. Hapa haipo: ya 10 hajafumbua, ya 11 kaegemea. Kuyachukua macho yake kwenye ya 4 kunawezekana kwa sababu ya stendi, lakini pembe ya kichwa ikitofautiana kidogo shingo inamsaliti.

Uamuzi wa mwisho unategemea picha inakwenda wapi. Ikiishia WhatsApp, jicho la mtu wa safu ya nyuma linakuwa nukta, na ya 9 haitagunduliwa na yeyote zaidi ya kijana mwenyewe. Ikienda kwenye fremu kubwa ya ukutani sebuleni, chapisha ya 7.