Kupauka kwa ngozi nyeusi kwenye picha: ni nini na hutoka wapi

Siku mbili baada ya kutuma picha za sendofu ya binti yake, mama mmoja wa Morogoro alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, picha nzuri, ila mimi mbona umenipaka unga?"

Nikazifungua tena. Mama huyu ni mweusi ti, weusi ule wenye wekundu kwa ndani kama chungu kipya. Kwenye picha yangu uso ulikuwa angavu, hauna doa, na umekaa kama ukuta wa saruji ambao haujapigwa rangi. Alikuwa amepauka.

Kupauka kwenye picha ni pale ngozi inapobaki na mwanga lakini ikakosa rangi. Wengi hudhani ni kosa la weusi kuzidi, kwa hiyo wanaongeza mwanga, na ngozi inazidi kuwa kijivu. Ili ujue kwa nini, anza na mguu ambao haujapakwa mafuta asubuhi.

Mwanga ukitua kwenye ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, kama asilimia 4 au 5 hivi mwanga ukija wima, hurudi hapohapo juu bila kuingia ndani. Mwanga huo hauna rangi ya mtu. Una rangi ya ulikotoka, iwe anga, taa au dari. Unaobaki huzama, hukutana na melanini na damu, na kile kinachofanikiwa kutoka tena ndicho kinachobeba rangi ya mtu. Ule wa juu ni karibu sawa kwa watu wote. Kwa mtu mweupe humezwa na wingi wa mwanga unaotoka ndani. Kwa mtu mweusi sana unaotoka ndani ni kidogo, kwa hiyo ule wa juu hauna pa kujificha.

Ngozi kavu ina magamba madogo madogo yanayoutawanya mwanga huo wa juu kila upande, ukawa kama utando uliotandazwa mguu mzima. Ukipaka mafuta, huongezi rangi yoyote. Unachofanya ni kulainisha uso wa ngozi ili mng'aro ujikusanye sehemu chache, kwenye mfupa wa goti na ugoko, na kwingine kote kurudi kwenye weusi wake. Picha iliyopauka ni mguu mkavu. Nasema hivi kwa sababu kuna mafundi wanaouchukia mng'aro na kuufuta wote, wakidhani wanaondoa jasho. Wanapangusa mafuta.

Sasa ongeza rangi ya anga. Hudhurungi ya ngozi ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, na kinyume cha chungwa ni buluu. Mtu akikaa kibarazani, kivulini, mbele yake kukiwa na anga wazi, utando wa buluu hutua juu ya hudhurungi. Rangi hizi zinauana, na kinachobaki ni kijivu. Mama wa Morogoro alikuwa amekaa hivyo hasa, saa tano asubuhi, anga halina wingu.

Hapo kosa lilikuwa la mwanga. Mengine mawili niliyaongeza mwenyewe kwenye kompyuta, na yanaonekana wazi kwa namba. Katika Photoshop fungua `Info`, weka kipimo cha `Eyedropper` kwenye `5 by 5 Average` ili pikseli moja isikudanganye, kisha pita juu ya ngozi. Utasoma namba tatu: nyekundu, kijani, buluu. Ngozi ya mwanadamu karibu siku zote hushuka kwa mpangilio huo, nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Zikikaribiana sana, hicho ndicho kijivu, hata kama jicho lako limeshazoea na linakwambia mambo ni shwari.

Shavu la mama kabla sijaligusa lilisoma 70, 52, 46. Nilitaka liwe angavu zaidi, nikapitisha brashi nyeupe kwa nguvu ya asilimia 20. Hesabu yake ni nyepesi: unabakiza asilimia 80 ya kila namba na kuongeza 51. Shavu likawa 107, 93, 88. Nyekundu imepanda kama nilivyotaka, lakini buluu imepanda zaidi, na pengo kati yao limeshuka kutoka 24 hadi 19 wakati uso umeng'aa mno. Kama ningezidisha namba zote kwa kiwango kimoja hadi nyekundu ifike palepale 107, ningepata 107, 79, 70. Nyekundu ni ileile, lakini pengo ni 37. Ziweke rangi hizo mbili moja pembeni mwa nyingine: moja ni mama, nyingine ni mama aliyepitiwa na vumbi.

`Curves` ikiwa kwenye hali ya `Luminosity` ina mtego unaofanana na huo, maana inapandisha namba zote tatu kwa kiasi kilekile. 70, 52, 46 inakuwa 110, 92, 86. Pengo halijabadilika, ila limekuwa dogo kwa mwanga uliopo. Kwa mtu mweupe hali hiyo ni msaada mzuri, inazuia ngozi isiwe nyekundu, ndiyo maana mafunzo mengi ya mtandaoni yanaisifu. Mambo haya hayakuanza jana. Kadi za Kodak zilizotumika miaka mingi kusawazisha rangi kwenye maabara za picha, zile zilizoitwa kadi za Shirley, zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na kilichokuwa sawa kwake ndicho kilichohesabiwa kuwa sawa.

Kosa langu la pili lilikuwa kwenye paji. Lilikuwa na bonge la mng'aro, nami nikavuta slaida ya `Highlights` hadi -80. Sehemu iliyoungua ilikuwa 255, 255, 255. Ukiishusha inakuwa 200, 200, 200, haipati rangi kwa sababu haikuwa nayo. Nilipata bamba la kijivu pana kama sarafu mbili, lisilong'aa na lisilofanana na ngozi.

Nikaanza upya kutoka faili ghafi. Kwanza mizani ya rangi. Safari ya kwanza nilikuwa nimechukua nyeupe ya gauni la binti, naye alikuwa amesimama juani. Safari hii nilichukua kitambaa cha meza kilichokuwa kivulini pamoja na mama, na `Temp` ikapanda kutoka 5200 hadi 6600. Nusu ya unga ikaondoka hapohapo, kabla sijashika brashi yoyote.

Kisha nikachora maski ya uso peke yake na kuongeza `Exposure` kwa 1. Slaida hii huzidisha mwanga, kwa hiyo inaheshimu uwiano wa namba. Shavu likasoma 97, 70, 59. Si angavu kama lile la safari ya kwanza, na ningekushauri usilikimbize. Ngozi nyeusi haihitaji kufika pale ngozi ya maji ya kunde inapofika ndipo ionekane vizuri. Ina sauti yake ya chini, na ukiinyanyua sana unaidai kitu isichonacho.

Kwenye paji nilikaa kwa muda. Kiini cha mng'aro nilikiacha cheupe. Tatizo lilikuwa duara la pembeni yake, pale mng'aro unapoyeyukia kwenye ngozi, lililosoma 168, 166, 169. Nikaweka leya ya `Curves` yenye maski ya duara hilo tu, nikalishusha kidogo, kisha nikaingia kwenye mstari wa `Blue` na kuuvuta chini katikati. Juu yake nikaweka leya tupu ya hali ya `Color`, nikachota rangi ya shavu, na kupaka kwa brashi laini ya asilimia 12, mapito matatu au manne. Hali hiyo inabadilisha rangi bila kugusa mwanga, kwa hiyo umbo la paji halikuharibika. Duara likatulia kwenye 150, 128, 117. Usijaribu hili kwenye kiini cheupe kabisa: hali ya `Color` juu ya 255 haifanyi kitu, utapaka hadi jioni.

Chini ya kidevu sikugusa. Udongo mwekundu wa pale uwanjani ulikuwa unarudisha mwanga wa joto kutoka chini, pakasoma 78, 49, 37 bila msaada wangu. Ukiona uso una joto chini na ubaridi juu, ujue una mianga miwili, na kuongeza `Temp` kwa picha nzima hadi paji lipone kutafanya shingo iwe chungwa. Kipimo changu cha kujua nimevuka ni weupe wa macho na meno. Vikianza kuwa na umanjano ambao mtu hana, narudi nyuma.

Namba zenyewe usizigeuze sheria. Kuna weusi wenye wekundu, kuna wenye umanjano, na kuna ule unaokaribia zambarau, ambao pengo lake ni dogo kwa asili. Linganisha mtu na yeye mwenyewe: chukua shavu sehemu isiyong'aa, kisha uone paji na pua vimeachana nalo kiasi gani. Hata usoni pamoja, paji na pembe za mdomo mara nyingi ni nyeusi kuliko mashavu. Ukilainisha ngozi kwa brashi kubwa unachanganya weusi huo na mng'aro wa jirani, na mchanganyiko wa vitu hivyo viwili, unajua tayari ni rangi gani.

Yapo yasiyotibika. Kivuli cha pembeni ya shingo kilisoma 12, 11, 12. Hapo hakuna rangi ya kuokoa. Ukikinyanyua unapata kijivu chenye chengachenga, kwa hiyo nilikiacha giza. Poda yenye zinki oksidi au titani dioksidi nayo ni utando halisi, umo usoni kabla ya kamera, na flashi ikipiga ndipo inajitokeza. Hiyo inamalizwa na mpambaji kwa kuchagua poda ya rangi ya ngozi. Kompyuta itaipunguza tu.

Nilimtumia mama picha mpya bila maelezo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, ananiambia sasa anaonekana amepaka mafuta. Kile kiini cheupe cha paji bado kipo pale, hajakisema, nami sijakigusa.